Jina linabaki, mwenye jina alikwisha: namna ya kusoma daftari la kampuni za Ubelgiji

Wenzangu wa shirika letu, hii andiko inaanza na jenereta.

Mjomba wangu iko na mashini ya kusaga mahindi kule Likasi. Umeme unakatika kila siku, na mashini ikisimama, wamama wanabeba mabeseni yao wanaenda kwa mwengine. Alitafuta jenereta ya okazyo, akapata mtu wa Ubelgiji kwa simu. Huyo mtu akamutumia profoma nzuri kabisa: jenereta dolari 6.200, alipe kwanza asilimia 30, maana yake 1.860, halafu wapakie kontena. Juu ya karatasi kulikuwa jina la kampuni, anwani, namba ya usajili, na maneno kwamba nyumba hiyo inafanya kazi tangu miaka ya hamsini. Mjomba akaniita.

«Weye njo ulisoma istware,» akasema. «Hii sosiete, bazee ba kazi banaijuaka jina. Angaria kama iko muzima ao ilikufaka.»

Nilifikiri ananichekesha. Istware ya zamani inahusu nini na jenereta? Lakini neno lake «bazee banaijuaka jina» likanikumbusha kitu nilichokutana nacho nikiandika memwari yangu juu ya Union Minière, na kitu hicho njo kilituokoa.

Sisi watu wa Katanga tunajua kisa hiki kwa kichwa. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Bababu walifanya kazi pale, walipata nyumba, posho na shule pale. Mwanzo wa mwaka 1967 serikali ya Mobutu ilichukua mali yake yote ya hapa, ikaiweka ndani ya kampuni mpya ya serikali, Gécomin, ile iliyokuja kuitwa Gécamines. Upande wa Bruseli kampuni ya zamani ilibaki na mali zake za nje, ikaendelea. Mwaka 2001 jina lilibadilishwa kuwa Umicore. Basi ukiuliza mtu yeyote, atakuambia: Umicore njo Union Minière, ilibadili jina tu.

Mimi pia niliandika vile. Halafu nikasoma ripoti za mwaka za Umicore yenyewe, na pale wanaandika kwamba kampuni iliundwa tarehe 7 Julai 1904. Nilifikiri ni kosa la uchapaji. Namna gani mtoto azaliwe 1906 na kitambulisho kiseme 1904?

Si kosa. Mwaka 1904 ni mwaka wa kampuni nyingine, ACEC ya Charleroi, kiwanda cha mashini za umeme cha baron Empain, yuleyule aliyeanzisha kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, ambayo watu wa Kindu na Kalemie wanaijua. Mwaka 1989 Union Minière na ndugu zake kadhaa waliunganishwa ndani ya ACEC, na kampuni ikaitwa Acec-Union Minière. Baadaye sehemu ya mbele ya jina ikaanguka, ikabaki Union Minière peke yake. Sasa, sheria inasemaje kampuni zikiunganishwa namna hiyo? Ile inayomeza inaendelea kuishi. Ile inayomezwa inakwisha, na mali na madeni yake yanapita kwa iliyomeza. Kwa hiyo mbele ya sheria aliyebaki ni mtu wa 1904 aliyevaa jina la mtu wa 1906. Jina tunalolijua lilipanda juu ya mwili wa mwengine.

Kutoka hapo nilijifunza kwamba daftari la kampuni haliandiki istware ya jina, linaandika maisha ya mtu wa kisheria. Na mtu wa kisheria anafuatwa kwa namba yake.

Nirudi kwa profoma ya mjomba. Ubelgiji ilikuwa na daftari za biashara zilizoshikwa kwenye tribinali, kila mahali na kitabu chake, na ofisi ya kodi nayo ilikuwa na namba zake. Sheria ya tarehe 16 Januari 2003 iliweka vyote pamoja katika daftari moja la nchi nzima, Banque-Carrefour des Entreprises, kwa kifupi BCE. Tangu hapo kila kampuni iko na namba moja tu, kwa tribinali, kwa kodi, kwa kila biro. Ni tarakimu kumi. Nyingi zinaanza na 0, sababu walichukua namba ya zamani ya kodi yenye tarakimu tisa wakaongeza sifuri mbele. Za siku hizi kuna zinazoanza na 1. Mtu yeyote anaweza kufungua daftari hilo bila kulipa na bila kujiandikisha, hata kwa simu pale Likasi, kwa anwani hii:

```
kbopub.economie.fgov.be
```

Unaweza kuchagua Kifaransa, kwa hiyo kwetu hakuna kizuizi cha lugha.

Mbele ya kufungua kuna hesabu ndogo ya kufanya kwa karatasi. Tarakimu mbili za mwisho za namba ya Ubelgiji hazikuwekwa bure, zinatoka ndani ya nane za kwanza. Nitachukua namba ya Umicore, ambayo wanaichapisha wenyewe kwenye kila ripoti: 0401.574.852. Nane za kwanza ni 04015748. Gawanya kwa 97: inaingia mara 41.399, na 41.399 mara 97 ni 4.015.703. Inabaki 45. Toa 45 kwa 97, unapata 52. Na namba inaisha na 52. Imekubali. Sasa geuza tarakimu mbili tu, andika 0405.174.852: inabaki 58, kwa hiyo mwisho ungepaswa kuwa 39, si 52. Imekataa. Mtu anayejitungia namba bila kujua kanuni hii atakamatwa karibu kila mara. Lakini hesabu hiyo inaonyesha tu kwamba namba imeandikwa sawa. Haisemi kama iliwahi kupewa mtu, wala kama mwenyewe yupo.

Namba ya profoma ilikubali. Mjomba akafurahi. Nikamuambia angoje.

Niliandika namba kwenye daftari, si jina. Jina linaweza kuleta kampuni kumi zinazofanana, moja hai, moja imemezwa, moja imefungwa, na macho yako yatachagua ile unayoipenda. Namba inaleta mmoja tu. Ukurasa ukafunguka. Jina lilikuwa lilelile la profoma, anwani ileile, mwaka wa kuanza uleule wa miaka ya hamsini. Na mstari wa juu ukasema hivi:

```
Statut: Actif
```

Mjomba aliona neno Actif na akasema, «Basi! Iko muzima. Kesho asubuyi natuma feza.»

Hapa njo watu wengi wanaanguka, tena watu waliosoma. Tunatafsiri Actif kama «inafanya kazi». Daftari halisemi vile. Linasema tu kwamba huyu mtu wa kisheria bado yupo, kitabu chake hakijafungwa. Mgonjwa aliyelala hospitali bila kusema naye yupo. Hali yake inaandikwa kwenye mstari unaofuata, na macho yenye furaha hayafiki pale. Mstari ule ulisema:

```
Situation juridique: Ouverture de faillite
```

Pembeni kulikuwa tarehe ya Novemba 2021. Profoma ya mjomba iliandikwa Machi 2023. Maana yake kampuni ilitangazwa na tribinali kuwa imefilisika mwaka na miezi ine mbele ya kumuuzia mjomba jenereta.

Kwa kampuni yenye afya mstari huo unaandika «Situation normale». Ukiona kitu kingine chochote, simama usome. «Ouverture de faillite» maana yake mufilisi umefunguliwa na haujaisha: kampuni bado ipo kwa sheria, lakini wakubwa wake hawana tena ruhusa ya kugusa mali. Tribinali inaweka mtu wa kuisimamia, na jina lake linaonekana chini kidogo kwenye ukurasa uleule, penye orodha ya wenye madaraka, na neno Curateur. Ni yeye peke yake anaweza kuuza hata kiti. Sasa mtu aliyekuwa anaandikiana na mjomba alikuwa na jina lingine kabisa. Hata kama jenereta ilikuwepo kweli, hakuwa na haki ya kuiuza. «Clôture de faillite» ni hatua ya mwisho: mufilisi umefungwa na kampuni imekwisha. Na «Fusion par absorption» njo kile kilichoipata Union Minière ya bababu: ilimezwa, tafuta aliyeimeza.

Ningependa kukaa kidogo juu ya neno lingine, kwa sababu linachanganya hata wanasheria vijana: «Radiation d'office», kufutwa na ofisi yenyewe bila kampuni kuomba. Kule Ubelgiji kampuni nyingi zinapaswa kuweka hesabu zao za mwaka kwenye Banki ya Taifa, hata ikichelewa sana isizidi miezi saba nyuma ya mwisho wa mwaka wao wa hesabu. Kampuni isipoweka kwa miaka mitatu mfululizo, daftari linaweza kuifuta. Lakini kufutwa huko si kifo. Mtu wa kisheria anabaki, madeni yake yanabaki, na akileta hesabu zake anaweza kurudishwa. Ni kama kitambulisho kilichonyang'anywa. Kule Uingereza neno linalofanana naye iko na uzito mwengine: kampuni ikifutwa kwenye daftari lao inakufa, na mali iliyobaki bila mwenyewe inaenda kwa Taji. Kwa hiyo usichukue neno «imefutwa» la nchi moja ukalisomea nchi nyingine. Uliza kila mara: hapa kufutwa ni kunyimwa kitambulisho, ao ni kuzikwa?

Kwa mnunuzi wa Likasi tofauti hiyo ni ndogo katika jambo moja: kampuni iliyofutwa kwa kutoweka hesabu, hata kama haijafa, ni kampuni iliyonyamaza miaka mitatu. Usiipe pesa mbele. Kuna pia kufutwa kwa anwani peke yake, pale ofisi inapogundua kwamba kampuni haiko mahali ilipojiandikisha. Hiyo nayo inaandikwa kwenye ukurasa, penye anwani ya makao. Mara nyingi njo dalili ya kwanza, mbele ya mufilisi.

Halafu kuna hatua moja ambayo mimi kama mtu wa istware naipenda kuliko zote, sababu ni kazi ya arshive. Kwenye ukurasa wa kampuni kuna viungo viwili: kimoja kinakupeleka kwenye matangazo ya Moniteur belge, gazeti la serikali, na kingine kwenye hesabu za mwaka zilizowekwa Banki ya Taifa. Vyote vinasomwa bure. Nilifungua hesabu za kampuni ya mjomba. Za mwisho zilikuwa za mwaka 2018. Za 2019 hazikuwepo, za 2020 hazikuwepo. Kumbe hata kama ningekuwa nimeangalia mbele ya ule mufilisi wa Novemba 2021, wakati mistari yote ya juu ilikuwa bado mizuri, ukimya huo ungeniambia kitu. Statut inaonyesha hali ya leo. Hesabu zinaonyesha mwendo. Mtu anayekufa polepole anaonekana kwanza kwenye hesabu.

Nilimuita mjomba nikamuonyesha mistari yote kwa simu. Alinyamaza. Halafu akauliza swali zuri kuliko langu lote: «Kama ingekuwa muzima kabisa, ungeniambia nitume?»

Hapana. Na hapo njo mpaka wa daftari. Linakuambia kama mtu wa kisheria yupo na ana hali gani. Halikuambii kama anayekuandikia kwa simu ni yeye. Namba ya kampuni si siri, kila mtu anaweza kuichukua kwenye faktire ya zamani na kuibandika kwenye profoma yake. Waongo wajanja hawachukui kampuni iliyokufa, wanachukua iliyo hai na yenye sifa. Kwa hiyo baada ya daftari, toka kwenye mazungumzo waliyokuletea. Tafuta simu ya kampuni mahali pengine, si kwenye karatasi yao. Piga, uliza kama profoma yenye namba ile ni yao. Linganisha jina la anayesaini na majina ya wakubwa kwenye daftari. Angalia konti ya banki: ya Ubelgiji inaanza na BE na iko na alama 16 kwa jumla. Konti ya profoma ya mjomba ilianza na herufi za nchi nyingine, kwa jina la mtu binafsi. Kampuni ya miaka ya hamsini inayopokea pesa kwa konti ya mtu, hiyo peke yake ingetosha.

Nilimuandikia msimamizi wa mufilisi, kwa barua pepe ya ofisi yake. Alijibu kwa mistari miwili: kampuni haina tena mali ya kuuza, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuandika kwa jina lake. Mjomba hakutuma zile 1.860. Jenereta alikuja kununua Lubumbashi, bei ya juu kidogo, lakini aliisikia ikinguruma mbele ya kulipa.

Mutaniuliza: na huku kwetu je? Daftari la biashara la Kongo lilianzishwa kwa amri ya tarehe 6 Machi 1951, likishikwa kwenye tribinali. Miaka mingi kampuni zetu zilibeba namba ya NRC. Kongo iliingia OHADA rasmi tarehe 12 Septemba 2012, na tangu hapo namba ni ya RCCM. Ndani yake unasoma CD ya nchi, alama ya mji, mwaka wa kuandikishwa kwa tarakimu mbili, halafu A kama ni mtu binafsi ao B kama ni kampuni, halafu nafasi yake kwenye orodha. Kwa hiyo mtu akikuletea karatasi yenye NRC peke yake, uliza RCCM yake iko wapi. Na kama namba inasema mji mmoja na mwaka 14, lakini mwenyewe anasema alianza biashara mwaka jana katika mji mwengine, kuna swali la kuuliza.

Lakini angalieni: namba hiyo yote ni cheti cha kuzaliwa. Hakuna herufi hata moja ndani yake inayosema kama mwenyewe bado anapumua. Sheria ya OHADA inamtaka anayeacha biashara aombe kufutwa ndani ya mwezi mmoja. Wangapi wanakumbuka kwenda kwenye grefe siku biashara inapokufa? Jina linabaki kwenye kitabu, na fotokopi ya zamani inaendelea kutembea mjini. Ndiyo maana huku kwetu kazi haiishii kwa fotokopi ambayo mwenye kampuni anakupa. Unachukua namba yake, unaenda grefe ya tribinali ya biashara ambako ameandikwa, na unaomba ekstre mpya, yenye tarehe ya juzi. Tofauti kati ya ekstre ya miaka mitano na ya wiki hii njo tofauti kati ya cheti cha kuzaliwa na kumuona mtu kwa macho.

Memwari yangu niliisahihisha. Pale nilipoandika kwamba Union Minière ilibadili jina kuwa Umicore, niliandika upya kwamba Union Minière ilimezwa mwaka 1989 na kampuni ya 1904, na jina lake likaendelea juu ya mwili huo kwa miaka kumi na miwili hivi. Profesa alichora mstari chini yake na kuandika: «Ulijua wapi?» Nilimjibu kwamba nilianza kwa kuamini jina, kama mjomba wangu.